Pombe ya Jumamosi katika mkojo wa Jumatatu: uchambuzi wa kisa kimoja cha kipimo cha EtG

Usuli

Mhusika wa kisa hiki ni muuguzi wa hospitali katika jimbo mojawapo la Marekani, mwanamke wa makamo mwenye uzito wa kilo 70 hivi, asiye na ugonjwa wa figo wala kisukari. Jina, jimbo, mwaka na kila jambo linaloweza kumtambulisha vimeondolewa. Miezi kadhaa kabla ya tukio hili alikuwa amejiunga na mpango wa usimamizi wa wauguzi, ambao humruhusu mtu mwenye historia ya ulevi kuendelea kushika leseni yake kwa masharti: asiguse pombe kabisa, ahudhurie tiba, na afike kituoni kutoa mkojo siku yoyote atakayoitwa. Wito hutolewa alfajiri, kwa bahati nasibu, na aliyeitwa hana budi kufika siku hiyo hiyo.

Kipimo kikuu cha mpango huo ni ethili glukuronidi, ambayo maabara zote huiandika kwa kifupi EtG. Sababu ya kukitegemea ni kwamba pombe yenyewe ni shahidi asiyekaa. Mwili huichoma kwa mwendo ulio karibu sawa kila saa, takriban gramu 0.15 hadi 0.2 kwa lita ya damu, kwa hiyo mtu aliyelala na gramu 1.5 kwa lita huwa ameimaliza baada ya saa nane hadi kumi. Kipima pumzi, kile ambacho madereva wa Kenya hukiita alkoblo, kitasoma sifuri, na damu nayo itakuwa safi.

Hata hivyo, sehemu ndogo mno ya pombe, chini ya moja kwa elfu, haipiti katika njia hiyo ya kuchomwa. Vimeng'enya vya ini huiunganisha na asidi ya glukuroniki, na hapo hupatikana EtG, ambayo huyeyuka kwenye maji, haifuki kama pombe, na hutoka kupitia figo. Sehemu nyingine ndogo huunganishwa na salfeti kwa kimeng'enya tofauti, ikawa ethili salfeti, yaani EtS. Hivi viwili ndivyo vinavyobaki nyuma pombe ikishaondoka.

Ubakiaji huo una hesabu yake, na bila hesabu hiyo kisa chetu hakieleweki. Pombe hupungua kwa kiasi kisichobadilika kila saa hadi inafika sifuri. EtG hupungua kwa sehemu: kila baada ya saa mbili na nusu hadi saa nne hivi, kiasi kilichopo hubaki nusu. Mtu aliyekunywa sana anaweza kuwa na EtG ya laki kadhaa za nanogramu katika mililita moja ya mkojo saa ile pombe inapoisha kwenye damu. Kiasi hicho kikigawanywa nusu mara kumi, ambalo ni jambo la saa thelathini na kitu, bado zinabaki nanogramu mia kadhaa, na mitambo ya leo husoma hata nanogramu 100 pasipo shida. Muda mrefu wa EtG, basi, hautokani na ukaidi wake wa kutoka mwilini, kwa kuwa inatoka kwa kasi. Unatokana na kuanza katika kilele kirefu sana, ikilinganishwa na udogo wa kiasi ambacho mtambo unaweza kukitambua.

Mfululizo wa matukio

Muuguzi aliitwa siku ya Jumatatu. Alifika kituoni saa tatu asubuhi, akapuliza kwenye kipima pumzi, kikasoma sifuri. Alitoa mkojo mbele ya mhudumu wa kike, naye mhudumu akaandika kwenye fomu kwamba mkojo ulikuwa na rangi hafifu sana, karibu kama maji. Katika mpango huo, maelezo ya namna hiyo humpa mratibu hiari ya kuomba sampuli ya pili siku hiyo hiyo. Mratibu aliitumia hiari yake. Kwa kuwa pumzi ilikuwa safi na hapakuwa na dalili ya ulevi, muuguzi aliruhusiwa kwenda kazini, akaagizwa arudi mwisho wa zamu. Alirudi saa kumi na moja jioni. Pumzi ilisoma sifuri tena, na mkojo wa safari hii ulikuwa wa manjano iliyokolea. Alitolewa pia damu kidogo kwa ajili ya kipimo kingine, iwapo kingehitajika.

Alhamisi majibu ya mkojo yalifika. Sampuli ya asubuhi ilikuwa na EtG nanogramu 620 kwa mililita. Sampuli ya jioni ilikuwa na 690. Kiwango cha kukata cha mpango, yaani kiasi ambacho chini yake jibu huhesabiwa kuwa hasi, kilikuwa 500. Sampuli zote mbili hazikuwa na pombe yenyewe. Zote zilikuwa zimepita kwanza kwenye kipimo cha haraka cha kingamwili, kisha zikathibitishwa kwa spektrometa ya masi.

Mratibu, aliyekuwa na karatasi yenye namba hizo mbili tu, alisoma kama ambavyo wengi wangesoma. Kiasi kimepanda kutoka 620 hadi 690. Basi kuna pombe mpya iliyoingia kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni. Na katika muda huo muuguzi alikuwa wodini. Rasimu ya barua aliyoiandaa ilimtuhumu kunywa akiwa kazini. Katika mipango ya aina hii tuhuma hiyo ni nzito kuliko ile ya kunywa nyumbani mwishoni mwa wiki, kwa kuwa inagusa usalama wa wagonjwa na inaweza kuishia kwa leseni kusimamishwa.

Muuguzi, alipopigiwa simu, alikana kunywa kwa namna yoyote. Alisema kwamba anapaka kitakasa mikono chenye pombe mara nyingi mno kwa siku, na kwamba husukutua kinywa kwa dawa iliyo na pombe.

Maamuzi na sababu zake

Kabla barua haijatumwa, faili lilipelekwa kwa daktari mpitiaji wa matokeo, kama kanuni za mpango zinavyotaka pale mhusika anapokana. Daktari huyo aliamua mambo matatu.

La kwanza lilikuwa kuomba kutoka maabara namba ambazo hazikuwemo kwenye karatasi ya mratibu: kreatinini ya kila sampuli na EtS. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo mtu huitoa kwa mwendo usiobadilika sana siku nzima, kwa hiyo wingi wake katika mkojo huonyesha ni maji kiasi gani yamechanganyika. Kijiko kile kile cha sukari kina utamu mmoja katika kikombe na utamu mwingine katika sufuria, na mtu anayeonja bila kujua ukubwa wa chombo hawezi kusema sukari iliyotiwa ni nyingi au kidogo. Sampuli ya asubuhi ilikuwa na kreatinini ya miligramu 25 kwa desilita. Ya jioni ilikuwa na 150. Maabara haikuitia ya asubuhi alama ya mkojo uliozimuliwa kwa sababu mpaka wake ni 20, na 25 iko juu ya mpaka.

Namba hizo zinapopatikana, kila kiasi cha EtG hurekebishwa kana kwamba mkojo ulikuwa na kreatinini ya 100: kiasi kilichosomwa huzidishwa kwa 100, kisha hugawanywa kwa kreatinini halisi. Kwa sampuli ya asubuhi, 620 ikizidishwa kwa 100 na kugawanywa kwa 25 inatoa 2,480. Kwa ya jioni, 690 ikizidishwa kwa 100 na kugawanywa kwa 150 inatoa 460. Kile kilichoonekana kupanda kilikuwa kimeshuka zaidi ya mara tano katika muda wa saa nane.

Daktari hakuishia hapo. Kushuka kutoka 2,480 hadi 460 ni sawa na kupungua kwa nusu mara mbili na kidogo, yaani mara moja kwa kila saa tatu na dakika ishirini hivi. Huo ndio mwendo wa kawaida wa EtG kwa mtu mwenye figo nzima ambaye hajaongeza kitu. Kama angekunywa hata glasi moja wakati wa chakula cha mchana, EtG mpya ingekuwa inatengenezwa alasiri nzima, na kiasi kilichorekebishwa kingepanda, au angalau kisingeshuka kwa mwendo huo. Dhana ya kunywa kazini ilianguka kwa hesabu ya mistari miwili.

Uamuzi wa pili ulihusu kitakasa mikono, na hapa daktari alikataa kulipuuza dai kwa sababu tu lilikuwa limezoeleka. Lina msingi. Mwaka 2006 shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia afya ya akili na uraibu, SAMHSA, lilitoa tahadhari kwamba EtG peke yake haifai kuwa msingi wa kumwadhibu mtu, kwa kuwa pombe ya vitu vya kawaida inaweza kuleta jibu chanya. Tahadhari iliyorekebishwa ya mwaka 2012 ilieleza kwamba majibu ya kati ya 500 na 1,000 yanaweza kutokana na kunywa sana siku moja hadi tatu zilizopita, kunywa kidogo ndani ya saa 24, au kukutana kwa wingi na pombe isiyo ya kunywa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 watu wa kujitolea walipaka kitakasa mikono kila baada ya dakika tano, saa kumi kwa siku, kwa siku tatu mfululizo; EtG ya juu kabisa iliyopatikana ilifika 2,001. Mvuke wanaouvuta wakati wa kupaka unatajwa kuwa njia kubwa ya kuingia.

Lakini katika utafiti huo huo EtS ya juu kabisa ilikuwa 84 tu. Muuguzi wetu alikuwa na EtS ya 210 katika mkojo wa asubuhi, ambayo ikirekebishwa kwa kreatinini ni 840, na 225 katika ule wa jioni, ambayo ni 150. EtS yake ilishuka bega kwa bega na EtG. Kisha kulikuwa na kalenda: ratiba ya hospitali ilionyesha kwamba hakuwa na zamu Jumamosi wala Jumapili, na sampuli ya kwanza ilichukuliwa kabla hajaingia kazini. Mtu ambaye EtG yake inatoka kwenye kitakasa mikono hutarajiwa kuwa na kiasi kidogo asubuhi baada ya mapumziko na kikubwa jioni baada ya zamu. Kwake ilikuwa kinyume. Kusukutua kinywa, kwa mtu anayetema, huleta EtG ndogo ambayo haikaribii 2,480.

EtS ilikuwa na kazi ya pili. Mkojo wenye bakteria kama Eshirikia koli unaweza kuharibu EtG baada ya kukusanywa, jibu likawa hasi kwa uongo. Na pale ambapo kuna sukari na hamira kwenye mkojo, pombe inaweza kuchachuka ndani ya chupa na bakteria hao hao wakaigeuza EtG, jibu likawa chanya kwa uongo. EtS haitengenezwi kwa njia hiyo. Kwa kuwa ilikuwepo, tena kwa uwiano wa kawaida na EtG, na kwa kuwa mkojo haukuwa na sukari wala dalili ya maambukizi, mlango huo ulifungwa. Hatari hiyo si ya vitabuni tu. Mwaka 2020 madaktari wa Pittsburgh walieleza habari za mgonjwa wa kisukari na ini, aliyehitaji kupandikizwa ini, ambaye mkojo wake ulikutwa na pombe mara kwa mara ilhali akikana kunywa. Hamira katika kibofu chake ilikuwa ikichachusha sukari. EtG na EtS zake zilikuwa hasi, na hizo ndizo zilizomwokoa. Pombe bila EtG ilimwondolea yeye lawama. EtG bila pombe ilimweka muuguzi wetu katika swali la lini, si la kama.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuipima damu iliyohifadhiwa kwa fosfatidili-ethanoli, PEth, ambayo hujijenga kwenye utando wa chembe nyekundu pombe inapokuwa kwenye damu, na hukaa kwa wiki. Jibu lilikuwa nanogramu 48 kwa mililita. Kwa desturi ya maabara za Marekani, chini ya 20 huchukuliwa kuwa hanywi au anakunywa kidogo mno, na zaidi ya 200 kuwa anakunywa sana na kwa mfululizo. Arobaini na nane iliafiki pombe ya siku moja kubwa au siku chache, na haikuafiki mtu aliyerudia ulevi wa kila siku.

Matokeo

Daktari alizungumza na muuguzi, akamwonyesha namba zote, akamwambia waziwazi kwamba hazionyeshi kunywa kazini na kwamba ataliandika hilo. Muuguzi alikiri. Jumamosi alikuwa kwenye mahafali ya ndugu yake, akanywa glasi saba hivi za mvinyo kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tano usiku. Jumapili hakunywa kitu isipokuwa maji, na alfajiri ya Jumatatu, alipouona wito, alikunywa maji mengi zaidi.

Maelezo hayo yanalingana na vipimo. Glasi saba ni karibu gramu 100 za pombe. Kwa mwanamke wa uzito wake, aliyeanza saa tano nyuma, damu ingekuwa na gramu 1.5 kwa lita hivi usiku ule, na ingekuwa safi Jumapili saa mbili asubuhi au karibu na hapo. Kutoka saa hiyo hadi sampuli ya pili ni saa 33. Ukirudi nyuma kutoka 460 kwa mwendo wa nusu kila saa tatu na dakika ishirini, unafika kwenye laki nne na ushee za nanogramu Jumapili asubuhi, kiasi kinachoweza kuwa cha mtu aliyekunywa hivyo.

Rasimu ya tuhuma za kunywa kazini ilifutwa. Mpango uliandika kwamba amerudia kunywa nje ya kazi, tiba yake ikaongezwa, vipimo vikawa vya karibu zaidi, na leseni yake ikabaki.

Uchambuzi

Jambo lililofanya kazi vizuri kuliko yote ni sampuli ya pili, na ilitokana na mhudumu aliyejali kuandika rangi ya mkojo. Sampuli moja ingesema tu kwamba pombe iliingia wakati fulani. Mbili, zikiwa na kreatinini na saa za kukusanywa, ziliweza kuonyesha mwelekeo. Hata hivyo mwelekeo huo usichukuliwe kuwa saa ya ukutani. Nukta mbili ni chache. Mkojo wa kibofu ni mkusanyiko wa saa kadhaa. Na mtu mwenye figo dhaifu hubaki na EtG muda mrefu zaidi. Hesabu ya daktari ilitosha kukanusha glasi ya mchana. Isingetosha kutaja saa ya glasi ya mwisho, wala idadi ya glasi, kama muuguzi asingezitaja mwenyewe.

Kilichoshindwa kwanza ni karatasi ya majibu. Maabara ilikuwa na kreatinini na EtS tangu mwanzo, lakini fomu ya mpango iliagiza EtG peke yake. Mratibu hakukosa akili; alipewa namba mbili zisizolinganishika, akazilinganisha.

Cha pili ni kiwango cha kukata. Kama maji aliyokunywa yangeishusha kreatinini kutoka 25 hadi ikabaki juu ya mpaka wa 20 kwa uchache tu, EtG ya asubuhi ingesomeka 498, na jibu lingekuwa hasi bila alama yoyote ya kutilia shaka. Ujerumani, ambako madereva waliopoteza leseni kwa ulevi huthibitisha kuacha pombe kwa kipimo hiki hiki, mpaka ni 100, na mkojo wenye kreatinini chini ya 20 hukataliwa. Kwa mpaka huo kuzimua mkojo kusingemsaidia. Bei ya mpaka wa chini ni kwamba vitakasa mikono na dawa za kusukutua huanza kuonekana, kwa hiyo anayeuchagua hana ruhusa ya kuacha EtS. Kwa maoni yangu, 100 ikiambatana na EtS ni ya haki kuliko 500 ikiwa pweke.

Cha tatu ni ratiba ya wito. Wauzaji wa kipimo hiki hupenda kutaja saa 80, na wapo wagonjwa wanaolazwa kwa kuachishwa pombe ambao EtG yao imeonekana hadi siku ya tano. Hao walianza kutoka kilele cha ulevi wa siku nyingi. Kwa muuguzi huyu, aliyekunywa usiku mmoja tu, kiasi kilichorekebishwa kingepita chini ya 100 karibu na usiku wa manane wa Jumatatu, saa 49 hivi baada ya glasi ya mwisho. Angeitwa Jumanne, angepita. Aliyekunywa glasi mbili angepita hata Jumatatu. Mpango wake ulikuwa hauiti watu Jumapili wala sikukuu, na washiriki walilijua hilo.

Tangu kisa hiki, fomu ya mpango inaagiza EtG, EtS na kreatinini pamoja, kituo kimoja hufunguliwa Jumapili asubuhi, na mratibu haandiki neno lolote kuhusu wakati wa kunywa kabla daktari mpitiaji hajaziona sampuli angalau mbili. PEth imebaki kuwa ya hiari kwa sababu ya gharama. Barua ya muuguzi, ile iliyofutwa, bado imo kwenye faili lake ikiwa na muhuri wa kubatilishwa. Wakili wake ameomba iondolewe kabisa, na bodi ya leseni haijatoa jibu.